Je, masomo ya muziki humwongezea mtoto akili? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaoandika insha ya saikolojia ya muziki

Kila muhula nasahihisha rundo la insha kuhusu swali hili, na karibu nusu yake huanza na sentensi moja: "Tafiti nyingi zimethibitisha kwamba muziki huongeza akili ya mtoto." Mwandishi hataji utafiti gani, akili ipi, wala muziki wa namna gani. Kisha aya tatu mbele anaombwa na swali la insha alikosoe dai hilo, naye hana pa kushika kwa sababu ameshalikubali mlangoni. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa na wanafunzi wakija ofisini, pamoja na majibu ninayowapa.

Dai lenyewe linasema nini hasa?

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ndani ya dai hili mna madai matatu yaliyofungwa kamba moja. La kwanza linasema kusikiliza muziki fulani kunamfanya mtu awe mwerevu zaidi. La pili linasema watoto wanaosoma muziki wana alama za juu kuliko wasiosoma. La tatu linasema masomo ya muziki ndiyo yaliyozipandisha alama hizo.

La kwanza ni jepesi kuliangusha, na kuliangusha hakukupi maksi nyingi. La pili kwa ujumla ni kweli, kwa hiyo usipoteze karatasi kulipinga. Insha yako inahusu la tatu. Ni dai la sababu na matokeo: ukimchukua mtoto na kumfundisha kinanda, alama zake za IQ zitapanda kuliko ambavyo zingepanda bila kinanda. Maneno "bila kinanda" ndiyo yenye uzito wote, maana hatuwezi kumwona mtoto huyo huyo akiishi maisha mawili. Inabidi tutafute mtoto mwingine wa kumlinganisha naye, na ubora wa utafiti hutegemea umempata wapi huyo wa pili.

Lakini si kweli kwamba watoto wanaosoma muziki hufanya vizuri shuleni?

Ni kweli, na jambo hilo limeonekana mara nyingi. Swali ni kwa nini.

Fikiria nyumba ambayo mtoto wa miaka saba anapelekwa darasa la fidla kila Jumamosi. Kuna anayelipa ada. Kuna mwenye gari au nauli, na mwenye nafasi ya kumsubiri nje saa nzima. Kuna mzazi anayesema kila jioni, "Umeshafanya mazoezi?" Mzazi huyo huyo ndiye anayekagua daftari la hesabu, na mara nyingi yeye mwenyewe amesoma sana. Ukimpima mtoto huyu ukamkuta na alama za juu, utazigawa vipi kati ya fidla na nyumba?

Watafiti hujaribu kuiondoa athari ya kipato na elimu ya wazazi kwa hesabu. Wakishafanya hivyo uhusiano hupungua, ingawa mara nyingi hauishi kabisa. Hapo wanafunzi wengi hushangilia kwamba kilichobaki ni kazi ya muziki. Sivyo. Bado kuna tabia ya mtoto mwenyewe: watoto wenye hamu ya mambo mapya hupenda kujiunga na masomo ya muziki na hudumu humo, na tabia hiyo huambatana na alama za akili pia. Bado kuna kipaji cha muziki alichokuja nacho. Mwaka 2017 Swaminathan, Schellenberg na Khalil waliwapima watu akili, kipaji cha muziki na muda waliosoma muziki. Kipaji kilipowekwa kwenye hesabu, uhusiano kati ya masomo na akili ulitoweka.

Halafu kuna wanaoacha, na hawa husahaulika. Madarasa ya ala hupukutisha watoto mwaka hadi mwaka. Anayeona nota zinamshinda huacha, anayezishika haraka hubaki. Ukija baada ya miaka sita ukapima waliobaki, umepima kundi lililochekechwa, na chekecheo yenyewe huenda imechuja kwa kufuata akili.

Habari ya Mozart nayo niiandike vipi?

Kwa sentensi chache. Mwaka 1993 Rauscher, Shaw na Ky walichapisha taarifa fupi katika jarida la Nature. Wanafunzi 36 wa chuo kikuu walisikiliza kwa dakika 10 sonata ya Mozart ya piano mbili, iliyoorodheshwa K. 448, kisha wakafanya maswali ya kufikiria maumbo. Walifanya vizuri zaidi kuliko waliposikiliza maelekezo ya kujituliza au walipokaa kimya, kwa kiasi ambacho watafiti walikigeuza kuwa pointi 8 hadi 9 za IQ. Athari haikuzidi robo saa. Hakukuwa na mtoto hata mmoja, wala mafunzo yoyote.

Mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani, Zell Miller, aliomba dola 105,000 kwenye bajeti ili kila mtoto mchanga apewe rekodi ya muziki wa aina hiyo. Wakati huo wengine waliojaribu kurudia jaribio walikuwa wanashindwa, au wanapata athari ndogo mno. Thompson, Schellenberg na Husain walionyesha mwaka 2001 kwamba siri ilikuwa uchangamfu: muziki wa kasi na wa furaha humwamsha mtu, na mtu aliyeamka hujibu vizuri kwa muda mfupi. Kipande cha polepole na cha huzuni hakikuwa na athari hiyo. Ukishayaandika haya, ondoka hapo. Mwanafunzi anayetumia nusu ya insha kumpiga Mozart anapigana na maiti.

Ni utafiti upi wenye nguvu zaidi upande wa wanaolitetea dai?

Ule wa Glenn Schellenberg wa Chuo Kikuu cha Toronto, uliotoka mwaka 2004. Kichwa chake kilitamka waziwazi kwamba masomo ya muziki huongeza IQ. Usiukwepe. Insha nzuri humkabili mpinzani aliye imara kuliko wote, na huyu ndiye.

Ulifanyika hivi. Watoto 144 wa miaka 6 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne. Kundi moja lilifundishwa kinanda, la pili lilifundishwa kuimba kwa mbinu ya Kodály, la tatu lilifundishwa uigizaji, na la nne halikupata somo lolote mwaka huo, bali liliahidiwa masomo mwaka unaofuata. Masomo yalikuwa ya bure, mara moja kwa wiki, kwa wiki 36, watoto sita sita darasani. Kila mtoto alipimwa kwa seti kamili ya majaribio ya akili ya Wechsler kabla ya kuanza darasa la kwanza, na akapimwa tena baada ya kulimaliza. Waliofika mwisho walikuwa 132.

Angalia ni mambo mangapi yamezibwa kwa mpango huo. Bahati nasibu imeondoa suala la wazazi wenye pesa na watoto wenye hamu, kwa sababu aliyepata kinanda hakukichagua. Ahadi ya masomo ya baadaye imewapa wazazi wa kundi la nne sababu ya kutojitoa. Kundi la uigizaji limewekwa ili kuona kama faida inatokana na muziki au na shughuli yoyote yenye mwalimu na wenzake. Kwa mwaka ule, hakukuwa na utafiti wa eneo hili uliojengwa vizuri zaidi ya huo.

Matokeo: makundi yote manne yalipanda, hata lile lisilosoma chochote. Hilo halishangazi, kwani mwaka wa kwanza wa shule huinua alama, na mtoto anayelifanya jaribio mara ya pili huwa ameshalizoea kidogo. Makundi mawili ya muziki, yakijumlishwa, yalipanda kwa wastani wa pointi 7.0. Makundi mawili yasiyo ya muziki yalipanda pointi 4.3. Tofauti ni pointi 2.7, nayo ilivuka kwa kuugusa tu mpaka wa takwimu, yaani kiwango ambacho watafiti hukubali kwamba tofauti si ya kubahatisha.

Pointi 2.7 ni nyingi au ni chache?

Hapa nataka utoe kalamu, kwa sababu hesabu hii ndogo hutenganisha insha ya kawaida na insha ya mtu aliyesoma.

Alama za IQ zimepangwa ili wastani uwe 100 na mchepuko sanifu, yaani kiwango cha kutawanyika kwa watu, uwe 15. Gawanya 2.7 kwa 15 upate 0.18. Maana yake ni hii: wapange watoto mia moja wa umri mmoja kwenye mstari kwa alama zao, umweke wako katikati kabisa, nafasi ya 50. Mpe pointi 2.7. Atasogea hadi karibu nafasi ya 57. Amepita wenzake saba baada ya mwaka mzima wa masomo. Si bure, lakini si ile picha inayouzwa kwenye matangazo ya vyuo vya muziki.

Sasa, ukisoma ripoti yenyewe utakuta ukubwa wa athari umeandikwa 0.35, karibu mara mbili ya 0.18. Hakuna aliyedanganya. Ile 0.35 imepatikana kwa kugawanya tofauti kwa mtawanyiko wa *ongezeko*, yaani jinsi watoto walivyotofautiana katika kupanda, ambao ulikuwa kama pointi 8. Ile 0.18 imegawanywa kwa mtawanyiko wa alama zenyewe. Swali la "watoto walipanda kwa usawa kiasi gani?" hujibiwa na ya kwanza. Swali la "mtoto wangu atasogea wapi kati ya wenzake?" hujibiwa na ya pili, na mzazi huuliza la pili. Nimekutana na insha zilizonakili 0.35 kisha zikaieleza kwa maana ya 0.18, mwandishi asijue amebadilisha kipimo katikati ya sentensi.

Onyo moja. Wapo wanaoandika kwamba jaribio la Wechsler lenyewe hukosea kwa takribani pointi 3 kwa kila mtoto, kwa hiyo tofauti ya 2.7 haina maana. Hoja hiyo ni mbovu. Kosa la pointi 3 ni la mtoto mmoja. Ukichukua wastani wa watoto sitini na kitu, makosa ya juu na ya chini hufutana, na wastani huwa thabiti kuliko alama ya mtoto mmoja. Ukitaka kuukosoa utafiti wa Toronto, zipo sababu za kweli. Usiazime ya uongo.

Sababu hizo za kweli ni zipi?

Ya kwanza nimeshaigusa: tofauti ilipita mpakani kwa shida, na matokeo yaliyopita mpakani kwa shida mara nyingi hayarudi yanapojaribiwa tena.

Ya pili ni namna makundi yalivyounganishwa. Hoja ya utafiti imesimama juu ya kuyaweka kinanda na uimbaji upande mmoja, uigizaji na wasiosoma upande wa pili. Lakini ukitaka kujua kama *muziki* una kitu ambacho shughuli nyingine haina, unayemhitaji wa kulinganisha naye ni mtoto wa uigizaji peke yake. Mtoto asiyesoma chochote anakujibu swali jingine: je, kufanya kitu ni bora kuliko kutofanya? Ukiwachanganya wawili hawa, majibu ya maswali mawili yamemiminwa kikombe kimoja.

Jambo ambalo insha nyingi huliacha ni kwamba watoto wa uigizaji walipata kitu ambacho wa muziki hawakukipata: wazazi wao waliripoti kwamba tabia zao za kuishi na wenzao ziliboreka. Vichwa vya habari vya magazeti havikulitaja.

Ya tatu ni kurudia. England walifanya jaribio linalofanana nalo, ripoti ikatoka mwaka 2015: wanafunzi 909 wa miaka 6 na 7 katika shule 19, wakagawanywa kwa bahati nasibu kati ya ala za nyuzi, uimbaji na uigizaji. Umri ni uleule, uigizaji ndio kundi la ulinganisho, na idadi ni zaidi ya mara sita. Watafiti hawakupata ushahidi kwamba muziki uliwasaidia watoto katika hesabu au kusoma kuliko uigizaji. Ukiitumia ripoti hii, sema wazi kwamba ilipima masomo ya shule na haikupima IQ, ili msomaji asikukamate.

Huko Marekani, Samuel Mehr, Elizabeth Spelke na wenzao walichapisha mwaka 2013 majaribio mawili ya nasibu kwa watoto wa miaka 4. Jaribio la kwanza lilitoa dalili fulani, la pili likashindwa kuzirudia, na yote mawili yakiunganishwa hayakuonyesha faida ya kuaminika. Yalikuwa madogo, watoto 29 na 45, na mafunzo yalidumu wiki sita tu. Anayelitetea dai atasema wiki sita ni chache, na ana haki ya kusema hivyo. Usiyaegemee peke yake.

Labda faida huja polepole. Kuna aliyefuatilia miaka mingi?

Eugenia Costa-Giomi, mjini Montreal, aliripoti mwaka 1999. Alichukua watoto wa familia za kipato kidogo ambao hawakuwahi kusoma muziki wala hawakuwa na piano nyumbani. Kundi moja lilipewa masomo ya piano bure kwa miaka mitatu, na piano yenyewe ikapelekwa nyumbani kwao. Kundi lingine halikupewa.

Baada ya miaka miwili kundi la piano lilikuwa mbele kidogo. Mwaka wa tatu ulipokwisha, tofauti ilikuwa imeyeyuka: wasiosoma piano walikuwa wamewafikia. Dai likiwa kweli kwa maana inayosemwa mtaani, tungetegemea pengo lipanuke kadiri masomo yanavyoongezeka. Hapa lilifungwa. Mwanafunzi mmoja aliniambia, "Mwalimu, basi angepima mwaka wa pili tu aondoke, leo tungemtaja kama ushahidi." Ndivyo hasa, na ndiyo sababu muda wa upimaji ni jambo la kuandikia aya nzima.

Utafiti wa mapacha unahusu nini, na kwa nini unatajwa sana?

Pacha wanaofanana wana vinasaba vilevile na wamekulia nyumba moja. Mmoja akifanya mazoezi ya piano kwa maelfu ya saa na mwenzake asifanye, hapo tumempata karibu yule "mtoto huyo huyo katika maisha mawili" niliyesema hatuwezi kumpata.

Miriam Mosing, Fredrik Ullén na wenzao walitumia rejista ya mapacha ya Sweden, zaidi ya watu 10,000, wakachapisha mwaka 2016. Kwa ujumla wa watu wote, waliofanya mazoezi zaidi walikuwa na alama za akili za juu zaidi, kama inavyojulikana. Lakini walipolinganisha pacha na pacha mwenzake, aliyefanya mazoezi zaidi hakuwa na akili zaidi. Uhusiano ulielezwa hasa na vinasaba vinavyogusa yote mawili: mwelekeo wa kupenda kufanya mazoezi ya muziki na uwezo wa kufanya majaribio ya akili.

Kikomo chake ukiseme: walikuwa watu wazima, na saa za mazoezi walizikumbuka wenyewe. Kumbukumbu hukosea, na kosa la kumbukumbu huelekea kuifinya athari. Hata hivyo, ili kosa hilo liifiche kabisa athari kubwa katika kundi la ukubwa huo, lingepaswa kuwa kosa la ajabu.

Tafiti zote zikichambuliwa kwa pamoja zinasema nini?

Giovanni Sala na Fernand Gobet walikusanya tafiti 54 za watoto, jumla yao karibu 7,000, wakachapisha mwaka 2020. Waliona mteremko ulio wazi: utafiti ukijengwa kizembe, athari huwa kubwa, ukijengwa kwa bahati nasibu na kundi la ulinganisho lenye shughuli yake, athari hukaribia sifuri. Walihitimisha kwamba mafunzo ya muziki hayaongezi akili wala alama za darasani.

Usiishie hapo, maana ugomvi haukuishia hapo. Mwaka 2022 Emmanuel Bigand na Barbara Tillmann waliichambua upya data hiyo wakasema bado kuna athari ndogo iliyo chanya, na kwamba wenzao walikuwa wakali kwa muziki kupita kiasi. Maoni yangu: hata ukiwapa ushindi hawa wawili, wanachokitetea ni athari ndogo isiyofanana na dai la mtaani. Pande zote mbili zinagombea nafasi kati ya sifuri na kidogo. Insha ikilionyesha hilo, msahihishaji hukaa wima kwenye kiti.

Picha za ubongo je? Si zinaonyesha ubongo wa mwanamuziki umebadilika?

Zinaonyesha, na bado hazikusaidii katika swali hili. Krista Hyde na wenzake walifuatilia watoto 31 kwa miezi 15, mwaka 2009. Waliosoma ala walionyesha mabadiliko katika maeneo ya ubongo ya mwendo na ya usikivu, na mabadiliko hayo yaliendana na wepesi wa vidole na kutambua tuni. Katika majaribio ya uwezo mwingine nje ya muziki, hawakuwazidi wenzao. Ubongo hubadilika kwa chochote unachojifunza kwa bidii, hata kucheza bao. Kubadilika ni jambo moja, kuwa mwerevu zaidi kwa ujumla ni jambo jingine.

Kwa nini ujuzi wa muziki usihamie kwenye akili? Inaonekana kama ungepaswa.

Tangu mwaka 1901 Thorndike na Woodworth walionyesha kwamba mtu aliyezoezwa kukadiria ukubwa wa maumbo fulani hapati faida kubwa kwenye maumbo ya aina nyingine. Wakasema ujuzi huhama kadiri kazi mbili zinavyoshirikiana mambo ndani yake.

Waangalie watoto wawili. Wa kwanza ameketi kwenye kinanda, anatafuta kidole cha nne kwa noti ya fa, anahesabu moja mbili tatu nne chini ya pumzi, anasikiliza kama amekosea. Wa pili yuko mbele ya mpimaji, mezani kuna vijiwe vya mraba vyenye pande nyekundu na nyeupe, na kazi yake ni kuvipanga vifanane na mchoro kabla saa haijazuiwa. Au anaulizwa neno fulani lina maana gani. Kazi hizi zinashirikiana nini? Kukaa kitini, kumsikiliza mtu mzima, kutokata tamaa. Haya yana faida, lakini uigizaji nao unayafundisha, na bao pia.

Uhamaji wa karibu haubishaniwi hivyo. Mtoto anayesoma muziki hupata sikio zuri la sauti na mapigo. Penye ubishi ni uhamaji wa mbali, kutoka kwenye sauti kwenda kwenye hesabu na fikra kwa ujumla. Tumia istilahi hizi mbili na insha yako itatulia.

Matokeo ya Toronto na Sweden yanawahusu watoto wa huku kwetu?

Uliza kwanza kama kipimo chenyewe kinahama. Katika tafiti hizi "mafunzo ya muziki" maana yake darasa la wiki lenye mwalimu, na hojaji huuliza umesoma miaka mingapi. Mpelekee hojaji hiyo kijana wa Unguja aliyekulia kwenye dufu za maulidi, au msichana wa Mwanza aliyeimba sauti ya pili kwenye kwaya tangu akiwa na miaka minane. Wote wawili wataandika sifuri. Kisha mtafiti atawaweka kwenye kundi la "wasio na mafunzo", na ulinganisho wake utakuwa umeharibika kabla hajafungua kompyuta. Hiyo ni hoja ya ukosoaji ambayo wanafunzi wa huku wanaweza kuiandika kwa ufahamu kuliko waandishi wa vitabu vyenyewe, na ni wachache wanaoiandika.

Schellenberg mwenyewe anasema nini leo?

Amebadilika. Kazi zake za baadaye, ukiwamo ule utafiti wa kipaji wa 2017, zinatilia mkazo kwamba watoto wanaoingia kwenye masomo ya muziki tayari wanatofautiana na wenzao. Ukimnukuu kwa makala ya 2004 tu, umemnukuu mtu aliyekwisha kuhama nyumba hiyo.

Niandike kwamba muziki hauna faida?

Hapana, hiyo ni kuruka kutoka kosa moja hadi jingine. Linganisha sentensi hizi mbili kutoka rasimu za mwanafunzi mmoja, kabla na baada ya mazungumzo yetu. Ya kwanza: "Kwa hiyo muziki hauna msaada wowote kwa akili ya mtoto." Ya pili: "Watoto wanaosoma muziki huwa na alama za juu, lakini majaribio yaliyogawa watoto kwa bahati nasibu na kuwalinganisha na waliopewa shughuli nyingine hayajaonyesha kwa uthabiti kwamba masomo hayo ndiyo chanzo." Ya pili ni ndefu na haina mbwembwe, lakini kila neno lake unaweza kulitetea mbele ya mtahini.

Nina maneno 2,000. Nianzie wapi?

Anza na Toronto, moja kwa moja, bila historia ya muziki tangu Wagiriki. Mpe aya tatu: mpango, matokeo, hesabu ya 2.7. Halafu England kama jaribio la kurudia, Montreal kwa suala la muda, na mapacha kwa suala la sababu. Uchambuzi wa pamoja uje baada ya hapo, pamoja na ugomvi wake. Mozart apate sentensi mbili au akose kabisa. Na ile sentensi ya "tafiti nyingi zimethibitisha" ifute leo, kabla hujaandika nyingine.